“Tu” au “vous”: tazama kama neno linarudi

Tarehe 30 Juni 1960, kwenye Jumba la Taifa mjini Leopoldville, Kinshasa ya leo, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alikuwa amekwisha kuhutubia na kumsifu Leopold wa Pili mbele ya watu ambao babu zao walikatwa mikono enzi zake. Rais Joseph Kasavubu akafuata kwa maneno ya upole. Kisha akasimama Waziri Mkuu Patrice Lumumba, ambaye jina lake halikuwamo kwenye ratiba, akaanza kutaja mambo ambayo Wakongo waliyapata kwa miaka themanini ya utawala wa kikoloni. Alianza na kazi za suluba kwa ujira usiotosha kula wala kuvaa. Akaja kwenye kejeli, matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni. Halafu, kabla hajafika kwenye ardhi iliyoporwa, sheria iliyobagua, watu waliohamishwa makwao na wale waliopigwa risasi, akauliza kwa Kifaransa: “Nani atasahau kwamba Mweusi aliambiwa ‘tu’, na si kwa sababu alikuwa rafiki, bali kwa kuwa ‘vous’ ya heshima ilitengwa kwa Wazungu peke yao?”

Msomaji aliyekulia Tanga au Kisumu anaweza kusoma sentensi hiyo mara mbili na bado asielewe kilio chake. Kwetu “wewe” ni “wewe”. Mtoto anaambiwa “umekula?” na babu yake pia anaambiwa “umekula?”, na babu haoni kosa lolote kwenye kile kiambishi. Iweje basi kiwakilishi kipangwe foleni moja na kunyang’anywa shamba?

Sarufi yenyewe ni nyepesi. Kifaransa kina nafsi ya pili umoja, “tu”, na nafsi ya pili wingi, “vous”, sawa na wewe na nyinyi. Tofauti ni kwamba ile ya wingi hutumika pia kwa mtu mmoja pale anapopewa heshima au anapokuwa mgeni kwako. “Tu viens” ni wewe unakuja. “Vous venez” ni nyinyi mnakuja, lakini pia ni wewe, mheshimiwa uliye mmoja, unakuja. Kitenzi kinabadilika, na vimilikishi navyo vinabadilika. Hata “tafadhali” ina sura mbili. Ndiyo maana mtu hawezi kuzungumza Kifaransa kwa muda mrefu bila kuonyesha anamweka wapi mwenzake. Kila sentensi inamdai achague.

Jambo hili si geni kwa majirani zetu. Anayeamka Kigali au Bujumbura humsalimia mkubwa wake kwa “mwaramutse”, ambayo ni ya wingi, na humwambia mdogo wake “waramutse”. Mchewa wa Malawi atamuuliza mzee “muli bwanji?” na rafiki yake wa utotoni “uli bwanji?”. Kumheshimu mtu kwa kumhesabu kama wengi ni desturi iliyoenea Afrika bila kupitia Paris. Kiswahili sanifu hakikuichukua, na nitarudi huko.

Kosa la wanafunzi wengi wa Kifaransa, na hata la vitabu vya darasani, ni kufundishwa kwamba “vous” ni neno la heshima na “tu” ni neno la kawaida, basi. Ukishika hivyo utakwama mapema. Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir waliishi kama wapenzi kwa zaidi ya miongo minne na waliitana “vous” maisha yote. Ilijulikana pia kuwa Rais Jacques Chirac na mkewe Bernadette waliitana “vous” nyumbani kwao. Kwa upande mwingine, hata Mungu anaambiwa “tu” katika sala ya Baba Yetu. Wakatoliki wanaosali kwa Kifaransa walimwita “vous” hadi mwaka 1966, ilipopitishwa tafsiri ya pamoja na madhehebu mengine, wakaanza kusema “tu” kama Waprotestanti waliokuwa wakisema hivyo tangu zamani. Hakuna aliyedhani kuwa Mungu ameshushwa cheo. Wazee wa Lubumbashi na Bukavu waliofundishwa katekisimu kabla ya hapo bado huikumbuka sala ya kwanza.

Basi neno peke yake halisemi kitu cha uhakika. Kinachosema ni njia linayopita: likitoka kwangu kwenda kwako, je, lilelile linarudi?

Mwaka uleule wa 1960, Wamarekani wawili, Roger Brown na Albert Gilman, walichapisha makala ambayo hadi leo ndiyo mlango wa kuingilia somo hili. Walisema viwakilishi hivi vinaendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni mamlaka: nani yuko juu ya nani kwa umri, cheo, mali, nguvu za mwili au nafasi katika familia. Ya pili ni mshikamano: watu hawa wawili wana nini cha pamoja, wamesoma darasa moja, wanatoka ukoo mmoja, wanafanya kazi moja? Mamlaka huzaa mwendo wa upande mmoja, yaani mkubwa hutoa “tu” na kupokea “vous”. Mshikamano huzaa mwendo wa pande mbili, kwamba walio karibu wanaitana “tu” na walio mbali wanaitana “vous”. Katika hali hii ya pili hakuna aliye juu. Ukiwasikia watu wawili wakibadilishana neno moja, lolote lile, unajua wamekubaliana kuwa sawa, na kilichobaki ni kujua kama wako karibu au mbali. Ukisikia maneno mawili tofauti, unajua kuna ngazi kati yao.

Kwa mujibu wao, Ulaya ya kale iliongozwa zaidi na nguvu ya kwanza. Bwana alimwambia mtumishi “tu” na kujibiwa “vous”, na baba na mwanawe vivyo hivyo. Kadiri karne ya kumi na tisa na ya ishirini zilivyosonga, mizani ikahamia kwenye mshikamano, hata mteja akaanza kumwambia mhudumu wa mgahawa “vous” na kurudishiwa “vous”. Ngazi haikutoweka, ila watu wakaanza kuona haya kuionyesha mdomoni.

Rudi sasa kwa Lumumba usikie alichokuwa akisema kwa usahihi wa fundi. Hakulalamikia “tu”. Alisema “si kwa sababu alikuwa rafiki”. Alijua kuna “tu” ya ndugu, nayo angeipokea kwa mikono miwili. Aliyoikataa ni ile isiyorudishwa. Karani Mwafrika mwenye miaka arobaini aliambiwa “tu” na kijana Mbelgiji aliyeshuka melini juzi, na alipojibu ilimpasa aseme “vous”. Umri ambao kwao ungempa heshima haukuhesabiwa, wala elimu, wala kazi. Rangi ilifunika mizani yote miwili.

Tena tazama ni nani hasa aliyeumizwa. Mchimbaji wa shaba kule Katanga aliamrishwa zaidi kwa Kiswahili, na askari kwa Kilingala, na lugha hizo zilikuwa na namna zao za kudhalilisha. “Tu” ya Kifaransa ilimchoma zaidi yule aliyejifunza Kifaransa. Wabelgiji walikuwa na tabaka la Waafrika waliosoma waliloliita “walioendelea”. Mwaka 1948 wakaanzisha kadi ya sifa ya uraia mwema, na mwaka 1952 utaratibu wa kumsajili Mwafrika aliyethibitika kuishi “kistaarabu”, baada ya kupekuliwa hadi namna anavyokula na familia yake. Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, Kisangani ya leo, alipata usajili huo mwaka 1954. Mtu wa namna hiyo alikuwa ameifahamu sarufi kiasi cha kujua, kila siku kaunta ilipofunguliwa, ni neno gani lilikuwapo na halikutumika kwake. Ahadi ilikuwa kwamba akijifunza atakuwa sawa. Kiwakilishi kilimkumbusha kila siku kwamba ahadi ile haijatimizwa.

Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tulipitia jambo lilelile kwa vifaa vingine. Kwa kuwa Kiswahili hakikumpa mlowezi “tu” ya kutumia, alitumia majina. “Bwana” lilipanda na “boi” likashuka. Mpishi mwenye wajukuu aliitwa “boi” na mtoto wa mwajiri wake, naye alimjibu mtoto huyo “bwana mdogo”. Weka hilo kando ya sentensi ya Lumumba uone kama kuna tofauti ya maana.

Sasa tuchukue mfano wa karibuni ambao kila kitu kinaonekana kwa sababu ulipigwa picha ya video. Tarehe 18 Juni 2018 Rais Emmanuel Macron alikwenda Mont-Valérien, kando ya Paris, kwenye kumbukumbu ya wito wa Jenerali de Gaulle wa mwaka 1940. Alipokuwa akiwapa mikono wanafunzi, kijana mmoja akaimba kidogo wimbo wa Internasionale kisha akamwambia “Mambo vipi, Manu?”. Manu ni kifupisho cha Emmanuel, kama mtu kumwita Rais wetu kwa jina lake la mtaani. Macron akasimama. Akamwambia kwamba hapa ni kwenye sherehe rasmi, ajiheshimu, na kwamba “unaniita Bwana Rais wa Jamhuri, au Bwana. Sawa?” Kijana akajibu: “Ndiyo, Bwana Rais.”

Wafaransa walibishana kuhusu “Manu”. Wengi walisema Rais alifanya vyema kumfunza adabu, wengine kwamba alimkandamiza mtoto mbele ya kamera. Lakini sikiliza viwakilishi. Katika sentensi zote alizomwambia yule kijana akidai heshima, Macron alitumia “tu”. Yaani aliteremsha neno lilelile lisilo na heshima wakati akidai kupandishiwa lenye heshima. Je, alikosea?

Kwa mizani ya Kifaransa, hapana, au angalau si sana. Mtu mzima kumwambia mtoto wa shule “tu” ni kawaida, na mtoto kumjibu mtu mzima asiyemjua kwa “vous” ni kawaida pia. Huu ni mmoja wa mielekeo michache ya upande mmoja ambayo jamii hiyo bado inaikubali bila haya. Umri ulimruhusu, na cheo kikaongeza. Lakini mpaka wake ni mwembamba. Walimu wengi wa sekondari ya juu huanza kuwaita wanafunzi wao “vous” kadiri wanavyokaribia utu uzima, na mwanafunzi wa kiume anayeitwa hivyo kwa mara ya kwanza hujiona ameota ndevu. Kijana yule angekuwa na miaka ishirini na mitano, maneno yaleyale yangekuwa tusi, na mjadala wa wiki ile ungekuwa mwingine kabisa. Kilichomfanya “Manu” awe kosa ni kwamba kijana alijaribu kuvuka kwa hiari yake kutoka ngazi hadi usawa, na hana haki hiyo.

Hapo tunafika kwenye kanuni ambayo vitabu vya adabu huiandika kwa kifupi na maisha huifanya ngumu. Kuhama kutoka “vous” kwenda “tu” kuna mwenyewe. Mkubwa kwa umri au cheo ndiye anayependekeza, na kwa desturi ya zamani mwanamke ndiye anayempendekezea mwanamume. Mdogo husubiri. Ombi huwa wazi, “tunaweza kuitana ‘tu’?”, na jibu huwa ndiyo, maana kukataa ni kama kumrudishia mtu mkono aliounyoosha. Kuna kisa kinachosimuliwa sana Ufaransa kuhusu François Mitterrand: mwanachama mwenzake wa chama cha kisoshalisti alimuuliza kama wanaweza kuitana “tu”, akajibu “kama mnavyopenda”, kwa “vous”. Iwe kilitokea hivyo au kimepambwa, kinachekesha kwa sababu ruhusa imetolewa na kunyimwa ndani ya sentensi moja.

Shida huja pale umri na cheo vinapovutana. Bosi ana miaka thelathini, mhasibu ana hamsini na tano. Nani apendekeze? Au mkwe amepewa ruhusa na mama mkwe kusema “tu”, lakini ulimi hautaki. Wenye lugha wana mbinu ya kukwepa, nayo ukishaijua utaisikia kila mahali: wanatunga sentensi zisizo na nafsi ya pili. Badala ya “umelala vizuri?” wanasema kitu kama “usingizi mzuri?”. Badala ya “utakunywa kahawa?” wanauliza “kahawa kidogo?”. Mtu anaweza kumaliza chakula cha Krismasi chote bila kumwita mama mkwe chochote. Ukiona mtu anayejua Kifaransa vizuri anaongea kwa vipande namna hiyo, hajaishiwa maneno. Hajajua ngazi iko wapi.

Na kwa kuwa viwakilishi hubeba ngazi, kila anayetaka kubomoa ngazi hujaribu kuvishika. Mwishoni mwa Oktoba 1793, katikati ya Mapinduzi, ujumbe wa vyama vya wananchi ulifika mbele ya Bunge la Konvensheni mjini Paris ukiomba kila Mfaransa amwite mwenzake “tu”. Hoja yao ilikuwa kwamba “vous” kwa mtu mmoja ni mabaki ya utwana na chanzo cha kiburi. Ofisi za serikali ziliifuata kwa kipindi, na raia wakawa wakiitana “raia” na “tu” barabarani. Konvensheni haikuifanya sheria ya kumfunga kila mtu, na kasi ya Mapinduzi ilipopungua, “vous” ikarudi kimyakimya. Mtu wa kawaida, nadhani, hakutaka kumshusha mkubwa afike alipo yeye. Alitaka yeye mwenyewe aitwe kama mkubwa.

Waingereza walipita njia hiyo ya pili bila kuamrishwa na yeyote. Zamani nao walikuwa na jozi, “thou” kwa mmoja na “you” kwa wengi na kwa mwenye heshima. Kidogo kidogo kila mtu akapandishwa hadi “you”, na “thou” ikabaki kwenye Biblia na mashairi. Kwa hiyo anayesema Kiingereza hakina neno la heshima ameikosa historia: kilichotupwa ni lile la kuteremsha. Waliopinga walikuwa Makweka wa karne ya kumi na saba, ambao walisema watu wote ni sawa mbele ya Mungu na wakamwambia hata hakimu “thou”. Walipigwa na kufungwa kwa ukaidi huo na mwingine wa aina yake, kama kukataa kuvua kofia. Ni Makweka hao hao, Kanisa la Marafiki, ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902.

Njia ya kushuka nayo imewahi kufaulu, tena juzijuzi. Uswidi ilikuwa na neno la heshima ambalo lilikuwa limechakaa hadi kusikika kama dharau, hivyo watu walilazimika kumwita mtu kwa cheo kana kwamba hayupo: “je, daktari angependa kahawa?” Usipojua cheo cha mtu, huna namna ya kumwita. Mwaka 1967 Bror Rexed, aliyeingia kuongoza idara ya taifa ya afya, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba atawaita wote kwa neno la kawaida na jina la kwanza. Hakuanzisha yeye mwenendo huo, ulikuwa tayari unatiririka, lakini jina lake ndilo lililokwama kwenye kumbukumbu. Ndani ya miaka michache Waswidi karibu wote walikuwa wakiitana sawa, isipokuwa jamaa ya kifalme. Ilifaulu kwa sababu utaratibu wa zamani ulimchosha kila mtu, mkubwa kwa mdogo.

Ufaransa yenyewe imerudi kwenye suala hili kwa mlango ambao Lumumba angeutambua. Kwa miaka mingi vijana wa vitongoji vya miji mikubwa, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Afrika na nchi za Kiarabu, walilalamika kwamba polisi akiwasimamisha kukagua vitambulisho huwaambia “tu”. Kijana akijibu “tu”, amemkosea afisa. Akijibu “vous”, amekubali ngazi. Kanuni mpya za maadili za polisi na jandarma, zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2014, zinasema waziwazi kwamba uhusiano wa askari na wananchi unahitaji “vous”. Ni nadra kiwakilishi kuingia kwenye maandishi ya sheria. Malalamiko hayakwisha, kwa sababu kanuni inasomwa chuoni na neno linatamkwa barabarani usiku. Lakini sasa aliyeambiwa “tu” anaweza kuonyesha kifungu.

Turudi nyumbani. Kiswahili hakikugawa “wewe”, lakini ngazi tunayo, tena ya upande mmoja kabisa. Shikamoo inapanda, marahaba inashuka, na hazibadilishani njia. Ukimwamkia mtu “shikamoo” naye akajibu “shikamoo”, mmoja wenu hajasikia vizuri. Tofauti kubwa na “vous” ni kwamba salamu inalipwa mara moja, mwanzoni. Ukishatoa shikamoo yako, mazungumzo yanaendelea kwa “u-” ya kila siku bila deni, wakati Mfaransa analipa kila sentensi. Anayebaki na wajibu wa kuikumbusha heshima katikati ya maneno hutumia majina ya ukoo: “mama, umeiona ile karatasi?”, “mzee, utapita lini?” Ukiyaondoa hayo na kuacha “wewe” peke yake, tupu, mbele ya mtu mzima, utasikia namna linavyokwaruza. “Wewe, umeiona ile karatasi?” ni sentensi ya kuombea ugomvi.

Nayo inavutana vilevile na cheo. Mfanyakazi mwenye umri wa kumzaa bosi wake hatasema shikamoo asubuhi, na bosi mwenye malezi atawahi kumwamkia yeye kabla hajafika mlangoni, ili kila mmoja abaki na heshima yake. Bosi asiyewahi anapata “habari za asubuhi, mkuu”, salamu isiyopanda wala kushuka. Ni ukwepaji uleule wa mkwe Mfaransa na kahawa yake, ila sisi tunaufanya kwa salamu nzima. Tanzania ilipotaka kubomoa ngazi za vyeo wakati wa Ujamaa, haikugusa shikamoo. Iligusa majina: kiongozi akawa “ndugu”, neno lisilomshusha wala kumpandisha mtu, linalomweka kando yako. Zaire ya Mobutu nayo, miaka hiyohiyo ya sabini, iliondoa “bwana” na “bibi” za Kifaransa ikaweka “raia”, kwa kuiga, kwa kejeli ya historia, neno la mwaka 1793. Leo bungeni Dodoma utasikia “mheshimiwa” tangu kikao kifunguliwe hadi kiahirishwe, na Kinshasa “bwana” imerudi kitambo.

Anayekwenda kufanya kazi Goma, Bujumbura au Brussels na Kifaransa cha darasani aanze na “vous” kwa kila mtu mzima, hata kama ofisi inaonekana ya kirafiki, asubiri kuitwa. Asishangae vijana wa rika lake wakimwambia “tu” siku ya kwanza. Airudishe bila kuchelewa, kwa sababu kuendelea na “vous” mbele ya rika kunasikika kama kujitenga. Ambalo hatakiwi kulifanya ni kurudi nyuma. Ruhusa ya “tu” ikishatolewa haichukuliwi tena, isipokuwa kwa makusudi. Marafiki wa miaka kumi wanapogombana, kuna dakika ambayo mmoja wao, badala ya kupaza sauti, anaanza kusema “vous”. Waliopo mezani wote wanaisikia, na hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba mambo yameharibika.